Fedha ya Kila Siku na Usalama wa Watoto: Mazungumzo na Wazazi Wanaolea Peke Yao



Sisi tunaozungumza nanyi tumo katika kazi ya polisi ya ulinzi wa mtoto na familia. Huenda mtashangaa polisi wakija kuzungumza juu ya maandazi, makaa na nauli. Tumeona, hata hivyo, kwamba mambo mengi yanayofika mezani kwetu yakiwa tayari ni makosa ya jinai yalianza mapema zaidi, siku mzazi alipochagua namna ya kutafuta fedha. Mtoto aliungua mama alipokuwa sokoni. Msichana alidhuriwa na mteja aliyezoea kuketi uani. Mvulana alipotea kati ya stendi na nyumbani akiwa na beseni la karanga kichwani. Kuja wakati jambo lingali la uchaguzi ni bora kuliko kuja wakati limekwisha kuwa jalada.

Makazi ya Nakivale, hapa Wilaya ya Isingiro, si mbali na mpaka wa Tanzania. Yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Rwanda, na leo wamo pia Wakongo, Warundi, Wasomali na wengine. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi na kwenda atakako nchini kwa kufuata sheria. Ruhusa ya kutafuta riziki, kwa hiyo, ipo. Lakini tangu Julai 2023 msaada wa chakula unatolewa kwa makundi kulingana na uhitaji. Wapo wanaopata zaidi, wapo wanaopata kidogo, na wapo walioondolewa kabisa. Nyumba nyingi zimelazimika kutafuta kipato cha pembeni, na mzazi aliye peke yake hana wa kumwachia watoto anapokwenda kukitafuta. Huyo ndiye tunayezungumza naye leo.

Mzazi huyu akitaka kuanza biashara ndogo, swali la kwanza kwake huwa ni hili: italeta kiasi gani? Sisi tunamwomba aanze na swali jingine: saa nitakazokuwa kazini, watoto wangu watakuwa wapi, na watakuwa na nani? Akishapata jibu la swali hilo, ndipo ahesabu fedha. Tutaeleza kwa mfano mmoja, tuutazame kwa utulivu mpaka mwisho wake.

Tuchukue mama anayeishi upande wa Base Camp na kulea watoto watatu: binti wa miaka kumi na mmoja, mvulana wa miaka saba na mdogo wa miaka mitatu. Ana kipande kidogo cha shamba cha mahindi na maharage. Mavuno huja kwa msimu, ilhali chumvi, sabuni na dawa vinatakiwa leo. Kabla ya kuchagua kazi, mama huyu anaichora siku ya watoto wake. Wawili wanatoka kwenda shule kabla ya saa mbili asubuhi. Yule wa darasa la chini anarudi mchana, na dada yake anarudi jioni. Mdogo haendi popote. Mchoro huu unaonyesha kwamba saa za alfajiri watoto wote wako ndani na mama yupo. Asubuhi anabaki na mmoja. Kuanzia mchana wanarudi mmoja mmoja. Na usiku wote wanamhitaji. Kazi itakayomfaa ni ile inayoingia katika mchoro huu bila kuupasua.

Sasa tutazame njia nne zilizo mbele yake.

Ya kwanza ni kibarua, ambacho wengi hapa hukiita leja-leja: kupalilia migomba ya wenyeji, kubeba maji, kufua nguo. Fedha hulipwa jioni, na hilo ni jema. Lakini kazi hupatikana siku moja ikakosekana siku mbili, na shamba la mtu mara nyingi liko mbali. Mdogo wa miaka mitatu atabebwa mgongoni juani au ataachwa. Kibarua kinafaa kuwa nyongeza ya siku maalumu, wakati ambapo amepata mtu mzima wa kumwachia mtoto. Hakifai kuwa tegemeo la kila siku.

Ya pili ni kwenda kuuza Mbarara. Soko Kuu la Mbarara lina wateja wengi kuliko soko lolote la hapa, na macho ya mfanyabiashara huvutwa huko. Lakini tuseme nauli ni shilingi 10,000 kwenda na shilingi 10,000 kurudi. Mama atauza mpaka apate faida ya shilingi 20,000 kabla ya kupata hata senti moja ya watoto. Ataondoka giza halijaisha na kurudi giza limeingia. Mchoro wa siku umepasuka kuanzia alfajiri hadi usiku, na binti wa miaka kumi na mmoja ameachiwa nyumba, jiko na mdogo wake. Tunasema wazi kwamba mtoto wa umri huo si mlezi. Anaweza kumsaidia mama akiwepo, lakini kazi ya kuwa mama haimpasi.

Ya tatu ni pombe. Hii ndiyo njia inayotutia wasiwasi kuliko zote, kwa sababu kwenye karatasi inaonekana nzuri. Mama yuko nyumbani, wateja wanakuja wenyewe, fedha inaingia kila jioni. Lakini tazama ni nani wanaoingia na ni saa ngapi. Wanaume wasiofahamika vizuri wanaketi uani baada ya jua kutua, wakati uleule watoto wanaporudi na kulala. Mtoto anatumwa kuleta kikombe, anatumwa kuchukua fedha, anasikia matusi, anaona magomvi. Mteja aliyelewa hujua mlango wa chumba cha watoto uko wapi. Zaidi ya hayo, kutengeneza waragi bila leseni ni kosa kisheria, na mama akikamatwa watoto watatu wanabaki bila mtu. Kuwa karibu na watoto hakutoshi ikiwa biashara yenyewe inaileta hatari mlangoni.

Ya nne ni kupika kitu kidogo cha kuliwa asubuhi: maandazi, chapati, sambusa. Mama anaamka saa kumi na moja alfajiri, anakaanga watoto wakiwa bado wamelala, anauza kuanzia saa kumi na mbili hadi saa nne, na ifikapo mchana yuko huru kupokea wanaorudi shuleni. Wateja wake wanakula na kuondoka, na ni mchana kweupe. Kazi hii imeingia katika mchoro wa siku. Hapo ndipo tunapoanza hesabu.

Bei tunazotumia ni za mfano. Kila mmoja aweke za soko lake. Tuseme mama anapika kilo mbili za unga wa ngano kwa siku. Unga ni shilingi 8,000, sukari robo kilo ni 1,000, mafuta yanayonywewa na maandazi ni 3,500, hamira na chumvi ni 500, makaa ni 2,000. Jumla ni shilingi 15,000. Unga huo unampa maandazi makubwa 40, na kila moja anauza shilingi 500. Akiuza yote anapata shilingi 20,000. Faida ni shilingi 5,000.

Sasa sikilizeni vizuri mahali biashara hii inapofia. Maandazi 30 ya kwanza yanarudisha shilingi 15,000 za mtaji na hayazidishi kitu. Faida yote ya siku imo ndani ya maandazi kumi ya mwisho. Watoto watatu wakila moja moja na mama akala moja, faida imeshuka hadi shilingi 3,000. Yakibaki mengine sita bila mnunuzi, faida imekwisha kabisa, na mama amefanya kazi tangu alfajiri bure. Hataliona hilo siku hiyo, kwa kuwa mkononi ana shilingi 15,000 na anadhani amepata. Ataliona wiki ya tatu, anapokwenda kununua unga na fedha haitoshi. Dalili ya kwanza ni kununua unga kilo moja na nusu mahali pa kilo mbili. Ukijiona umefika hapo, ujue mtaji unaliwa.

Tiba yake ni kupika kwa idadi iliyoagizwa. Mama azungumze na mwenye kibanda cha chai achukue maandazi 15 kila asubuhi, waendesha bodaboda wa steji moja wachukue 10, na majirani wanne au watano wajulikane kwa jina na idadi yao. Mwenye kibanda atataka punguzo, labda shilingi 400 kwa andazi, na mama akubali: amepoteza shilingi 1,500 lakini ana hakika ya 6,000 kabla hajawasha moto. Tukisema fedha ya kila siku, tunakusudia hii hakika. Afadhali faida ya shilingi 2,500 kila siku kuliko 5,000 leo na hasara kesho, kwa kuwa mtoto anakula kila siku.

Na jioni fedha igawanywe kabla haijatumika. Shilingi 15,000 za unga wa kesho zitengwe kwanza, mahali pake peke yake. Kinachobaki ndicho cha nyumba, na kidogo kiende kwenye kikundi cha kuweka na kukopa. Anayeweka fedha kwenye simu asimpe mtu yeyote namba yake ya siri, hata mtoto mkubwa anayejua kusoma, kwa maana mtoto aliyeshika siri ya fedha ndiye mwizi atakayemtafuta. Wala mzazi asiweke rehani kadi ya kupokelea msaada ili apate mtaji. Mkopeshaji aliyeishika kadi ameishika nyumba nzima.

Biashara hii nayo ina hatari zake kwa watoto, na hatutazificha.

Kubwa kuliko zote ni mafuta ya moto. Mtoto wa miaka mitatu huamka ghafla, hutoka akimtafuta mama, hushika mpini wa kikaango au hujikwaa kwenye sigiri iliyo chini. Sigiri iwekwe juu ya matofali imara, pembeni mwa ukuta, nje, mahali pasipo njia. Ikiwezekana pawekwe kizuizi cha miti kinachomzuia mtoto mdogo asikaribie. Kikaango kisibebwe kikiwa na mafuta. Kiachwe kipoe palepale. Mtoto akiungua, mwagieni maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, ondoeni nguo isiyonata kwenye ngozi, mfunikeni kwa kitambaa safi na mwende kituo cha afya. Msipake dawa ya meno, siagi wala majivu. Na mvua ikinyesha, sigiri yenye makaa isiingizwe kwenye chumba wanacholala watu. Hewa ya makaa haina rangi wala harufu ya kumwamsha aliyelala, na huua.

Hatari ya pili ni kumgeuza mtoto kuwa mchuuzi. Maandazi yamebaki kumi; kilicho rahisi ni kumpa mvulana wa miaka saba beseni azunguke nayo. Leo yamebaki kumi, kesho anapewa ishirini, mwezi ujao haendi shule. Anaingia vibandani na majumbani asimojulikana, akiwa na fedha mkononi, na yeyote anaweza kumwambia, "Ingia ndani nikupe chenji." Sheria ya Watoto ya Uganda inakataza kazi inayomdhuru mtoto au kumzuia asome. Mtoto kuosha sahani pamoja na mama yake baada ya shule si kosa. Mtoto kutembeza bidhaa barabarani peke yake ni jambo tutakalolisimamisha. Maandazi yaliyobaki na yaliwe nyumbani usiku huo, na kesho zipikwe kumi pungufu.

Hatari ya tatu ni yule anayeachiwa mtoto. Hata mpishi wa maandazi ana siku za kwenda kununua unga, za kliniki na za kupanga foleni ya msaada. Achague mapema mtu mzima anayemfahamu, si mpangaji aliyefika juzi wala kijana anayejitolea mno kukaa na watoto bila sababu. Lililo bora ni kubadilishana: mama wawili au watatu wa mtaa mmoja, kila mmoja na siku yake, mlango ukiwa wazi na majirani wakijua. Kisha msikilizeni mtoto. Akianza kulia kila anapopelekwa kwa mtu fulani, akianza kukojoa kitandani ilhali aliacha, akiwa na zawadi asizoweza kueleza zimetoka wapi, mzazi asimpige wala asimwite mwongo. Amuulize kwa upole, asimrudishe huko, na atupe habari.

Umoja huohuo wa mama watatu unatatua pia jambo la Mbarara. Hatukusema mji usiendewe. Tumesema usiwe mahali pa kuuzia kila siku kwa mzazi aliye peke yake. Unga, mafuta na sukari kwa bei ya jumla vinaweza kuwa nafuu mjini, lakini nauli ya mtu mmoja anayenunulia kilo chache huila nafuu hiyo yote. Mama watatu wakiunganisha mahitaji ya wiki mbili, mmoja akaenda kwa zamu, nauli inagawanywa kwa watatu na watoto wa aliyekwenda wako mikononi mwa wawili waliobaki. Waandike orodha na fedha za kila mmoja kabla safari haijaanza, na aliyekwenda arudi na risiti. Ugomvi wa fedha kati ya marafiki ni mwingi katika ofisi zetu, na karibu kila mara hakukuwa na karatasi.

Kwa ndugu zetu wanaoishi Mbarara kanuni haibadiliki. Tumfikirie baba anayelea watoto wawili na kuendesha bodaboda ya mtu mwingine. Kila jioni anadaiwa hesabu ya mwenye pikipiki, na saa za usiku zinalipa vizuri, kwa hiyo anavutwa kubaki barabarani mpaka saa tano, watoto wakiwa wamefungiwa ndani kwa kufuli. Kufuli hilo linamtuliza baba, lakini moto ukizuka ndilo litakalowaua watoto. Baba huyu na achore siku ya watoto kama yule mama alivyofanya. Atafute abiria wa kudumu wa asubuhi na alasiri, watumishi wa ofisi au wauzaji wa sokoni wanaobeba mizigo kila siku kwa bei ya mapatano. Akubaliane na mwenye pikipiki juu ya hesabu ndogo kidogo, na jioni iwe ya nyumbani. Mwenye pikipiki akikataa, ni heri baba ajue mapema kwamba kazi hiyo haikubaliani na watoto wake.

Mpango huu una mipaka pia. Shule zikifungwa, Mei, Agosti na Desemba, wateja wa njia ya shule hupotea na watoto wote huwa nyumbani mchana kutwa; idadi ya maandazi ipunguzwe wiki ileile. Mama akiugua, biashara inasimama, na ndiyo maana akiba ya kikundi haipaswi kuguswa kwa ajili ya nguo za sikukuu. Wapishi wakizidi katika njia moja, wote hupata hasara. Anayeingia baadaye aangalie kwanza ni nini hakipikwi hapo.

Jambo la mwisho: mzazi anayelea peke yake si lazima awe mlipaji peke yake. Kwa sheria ya Uganda, mzazi mwenzake aliye hai ana wajibu wa kumtunza mtoto, hata kama hawaishi pamoja na hata kama hawakufunga ndoa. Akijulikana alipo, iwe Mbarara au kwingineko, mama au baba anaweza kulifikisha jambo hilo kwa afisa wa ustawi wa jamii au kwetu, na likishindikana liende Mahakama ya Familia na Watoto. Shilingi chache za kila wiki kutoka kwa mwenzake zinaweza kumwezesha mama kuacha pombe uani na kuanza na kilo mbili za unga.

Mwenye shaka kuhusu usalama wa mtoto, awe wake au wa jirani, apige 116, simu ya bure ya watoto. Dharura ya polisi ni 999 au 112. Mkimbizi anaweza pia kupiga bure 0800 323 232, namba ya UNHCR. Na anayependa kuja kwa miguu, ofisi zetu ziko wazi, nasi tutamsikiliza kwa Kiswahili.

Jioni ya leo, kabla ya kulala, kila mzazi achore siku ya watoto wake tangu alfajiri hadi usiku, aandike pembeni ya kila saa jina la mtu mzima aliye nao. Saa itakayokosa jina ndiyo ya kuanzia mabadiliko.